Kuku mzima kwenye oveni ya feni: punguza moto, usiguse saa

Pishi linasema hivi: kuku mzima, nyuzi 190, dakika 45 kwa kila kilo, kisha ongeza dakika 20. Oveni yako ina feni, lakini pishi halisemi neno kuhusu feni. Ukiona pishi la namna hiyo, lichukulie kuwa limeandikwa kwa oveni ya kawaida, yenye koili moja juu na nyingine chini na hewa iliyotulia ndani. Kwa oveni ya feni toa nyuzi 20, yaani weka 170. Dakika ziache kama zilivyo, ila anza kumkagua kuku mapema.

Wengi hukosea hapo. Wanasikia kwamba feni hupika haraka, basi wanapunguza moto na muda pia. Kuku anatoka na ngozi nzuri ya dhahabu, ukimkata unakuta nyama ya pajani bado inateleza. Wengine hawapunguzi chochote. Kufika dakika ya 50 ngozi imekuwa nyeusi mabegani, wanamtoa kwa hofu, naye ndani hajafika popote. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja, na ukiuelewa huhitaji tena jedwali la kubadilisha joto.

Nyama baridi ikiingia kwenye oveni isiyo na feni huzungukwa na tabaka jembamba la hewa ya ubaridi na unyevu, mithili ya shuka. Moto hulazimika kupenya shuka hilo kwanza. Feni hulipeperusha. Hewa ya moto inaigusa ngozi moja kwa moja, unyevu unakauka upesi, na ngozi ikishakauka ndipo inapoanza kupata rangi. Kwa hiyo nyuzi 170 zenye feni huipiga ngozi karibu sawa na nyuzi 190 zisizo na feni.

Sasa angalia ndani. Kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa wa paja, joto husafiri polepole kupitia nyama yenyewe, na huko feni haifiki. Inaharakisha ngozi, haiharakishi kiini. Kadiri kipande kinavyokuwa kinene, ndivyo muda unaookolewa na feni unavyopungua. Viazi vilivyokatwa vipande vidogo ni habari tofauti, kwa sababu havina kina cha kusafiria. Kama pishi linataka nyuzi 200 kwa dakika 40, unaweza kuacha nyuzi 200 hizohizo ukiwa na feni na ukavitazama kuanzia dakika ya 28. Kwa kuku mzima usijaribu mchezo huo.

Kabla ya yote, hakikisha umewasha unachodhani umewasha. Kwenye oveni nyingi mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini, ni alama ya moto wa kawaida. Feni iliyo ndani ya duara ni alama ya koili ya mviringo inayoizunguka feni yenyewe, na hiyo ndiyo husambaza joto sawasawa zaidi. Feni yenye mstari juu na chini ni koili za kawaida zikisaidiwa na upepo. Hapo pia toa nyuzi 20, ila bado kuna moto unaotoka juu moja kwa moja, hivyo usimpandishe kuku karibu na dari. Feni iliyo peke yake, bila duara wala mstari, mara nyingi ni ya kuyeyushia barafu tu, haina moto. Angalia kijitabu cha oveni, maana watengenezaji hutofautiana.

Tuchukue kuku wa kisasa wa kilo 1.6 aliyeyeyuka barafu kabisa. Hesabu ya pishi ni 45 mara 1.6, yaani dakika 72, ongeza 20, zinakuwa 92. Mkaushe kwa karatasi ya jikoni nje na ndani ya tumbo, kwa sababu maji juu ya ngozi yanakula moto wa dakika za mwanzo. Mpake chumvi na mafuta. Washa oveni nyuzi 170 kwa feni na uiache ipate moto. Oveni ya feni hufika mapema kuliko ya kawaida, lakini usimwingize kuku kabla taa ya joto haijazima.

Chombo unachomwekea kina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimtumbukiza kwenye sufuria yenye kingo ndefu umeukinga nusu ya mwili wake na upepo, na feni yako imekuwa pambo. Tumia trei yenye kingo fupi, zisizozidi sentimita 5, na juu yake weka wavu ili hewa ipite chini ya mgongo. Weka trei rafu ya katikati au moja chini yake. Miguu ielekee nyuma, kwa kuwa sehemu ya nyuma huwa na moto zaidi na mapaja ndiyo hukawia kuiva.

Mafuta yatakayodondoka kwenye trei tupu huungua na kufukiza jikoni kote. Ukianza kuyasikia yakikaangika, mimina maji kidogo kwenye trei, kama kikombe kimoja cha chai. Yasizidi. Maji mengi yatatoa mvuke, nao mvuke utailainisha ngozi uliyoikausha kwa makusudi.

Dakika ya 45 tazama rangi kupitia kioo bila kufungua mlango. Mabega na ncha za mabawa zikiwa zimeshaanza kuwa nyeusi, zifunike kwa kipande cha foili na ukibane vizuri pembeni. Foili iliyolegea hupeperuka, na ikinyonywa hadi kwenye feni utasikia kelele usiyoipenda. Upande mmoja ukiwa umepata rangi sana kuliko mwingine, geuza trei.

Dakika ya 70 anza kupima. Kipimajoto cha nyama kiingie sehemu nene ya paja, karibu na kiungo, bila kugusa mfupa, maana mfupa hutoa kipimo cha uongo. Pima na kidari pia, mahali panapoonekana pamenona zaidi. Unatafuta nyuzi 74 mahali penye joto la chini kuliko pote. Paja likifika 80 halidhuriki, kidari ndicho hukauka kikipita sana 74. Kama hazijatimia, funga mlango na urudi baada ya dakika 8 au 10. Kuku huyu kwa kawaida humalizika kati ya dakika ya 75 na ya 90, na ndiyo maana nasema usiguse saa: ile hesabu ya 92 inabaki kuwa ukomo, ukaguzi ndio unaosogea mbele. Akitoka, mwache atulie dakika 15 kabla ya kumkata.

Huna kipimajoto? Shika mfupa wa mguu uutikise. Ukizunguka kwa urahisi kwenye kiungo, chana kati ya paja na mwili uangalie nyama. Iwe imeshikamana na imepauka, isiwe na utelezi wa nyama mbichi. Tahadhari moja: kuku wa kisasa, hasa waliogandishwa, huonyesha wekundu kwenye mfupa hata wakiwa wameiva, kwa sababu mifupa yao ni michanga na rangi ya uboho hupenya nje. Kwa hiyo wekundu uliogandamana na mfupa peke yake si ushahidi wa ubichi. Ndiyo sababu nauona ununuzi wa kipimajoto kuwa na faida kuliko ule wa trei ya tatu.

Viungo vyenye sukari hubadilisha hesabu. Asali, ukwaju uliotiwa sukari, sosi ya nyanya ya chupa, hata tui zito, vyote hupata rangi haraka, na kwenye feni haraka zaidi. Usishushe moto tena kuwa 150 ili kuvinusuru, maana utaongeza muda na kukausha kidari. Mwoke kuku na chumvi, limau na vitunguu saumu, kisha mpake hicho kitamu dakika 15 za mwisho.

Kuku wa kienyeji ana kanuni yake. Nyama yake ni ngumu na inahitaji unyevu wa muda mrefu, na upepo wa feni ni adui wa unyevu. Wenye uzoefu humchemsha kwanza mpaka alainike, ndipo wamwingize oveni. Kwa kuwa ameshaiva, huna haja ya kutoa nyuzi 20. Kazi iliyobaki ni rangi tu, na hapo ndipo feni inang'ara: mkaushe, mpake mafuta, nyuzi 200 kwa feni, dakika 15 hadi 20 basi.

Vivyo hivyo kwa kitu chochote kilichofunikwa. Mguu wa mbuzi uliozungushiwa foili au kuwekwa kwenye chungu chenye mfuniko haupati upepo kabisa, kwa hiyo kutoa nyuzi 20 ni kuukawiza tu. Kama pishi linasema 160 ukiwa umefunikwa, 150 kwa feni inatosha. Ukiufungua mwishoni ili upate rangi, hapo feni inaanza kazi, na dakika zako za kutazama zianze.

Ukifuata haya yote na kuku bado anakawia kila mara, shuku oveni yenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye swichi ya oveni si ahadi, tofauti ya nyuzi 10 au 20 ni jambo la kawaida. Weka kipimajoto cha oveni rafu ya katikati, iache oveni tupu ikiwaka nusu saa, kisha soma mara nne au tano kwa kupishana dakika chache, kwa sababu koili huwaka na kuzima na joto hupanda na kushuka. Wastani wa hizo ndio joto lako halisi. Andika tofauti kwenye kipande cha karatasi ukibandike kabatini.

Na kama anakawia jioni tu, mchana akawa sawa, tazama umeme. Koili iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata 200 hutoa takriban robo tatu tu ya nguvu yake. Feni itazunguka, taa itawaka, lakini oveni itachukua muda mrefu kupata moto na kila ukifungua mlango itachelewa kurudi. Siku kama hiyo washa mapema, fungua mlango mara chache, na usipandishe namba. Saa tatu usiku umeme ukirejea katika nguvu yake, ile 190 uliyoiweka kwa hasira itakuwa 190 kweli, na ngozi itaungua.