Fomu iliyopotea na karatasi ya maelezo iliyobaki

Dada yangu alipoanza kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, fomu aliyopewa ililowa mvua ikaharibika, na kilichobaki ni karatasi moja iliyoeleza kila sehemu inataka nini. Aliniomba nimtengenezee fomu nyingine kwa kufuata maelezo yale. Nilikataa, kwa sababu fomu ya serikali ni ile inayotolewa na ofisi; nilichofanya ni kuandika majibu yote kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, kwa namba na mpangilio uleule, ili akipata fomu mpya anakili tu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jina fupi la sehemu hudanganya, ilhali maelezo yake husema kweli. Tungekuwa na fomu yenyewe, penye "umri wa mama" tungeandika umri wake wa leo bila kufikiri. Maelezo yalisema ni umri wa mama siku mtoto alipozaliwa. Mama alizaliwa tarehe 12/11/1988 na mtoto tarehe 04/09/2013. Ukitoa mwaka kwa mwaka unapata 25, lakini Septemba hiyo alikuwa bado hajafikisha siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo jibu sahihi ni 24.

Tarehe yenyewe ya mtoto nayo ilitusumbua. Bibi yake alishikilia kwamba alizaliwa Jumanne usiku, ilhali kadi ya kliniki iliandika tarehe 04/09/2013, saa 02:30, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Wote wawili walikuwa sahihi: saa nane na nusu usiku, usiku wa kuamkia Jumatano, ni tarehe 4 kwa sababu tarehe hubadilika saa sita usiku. Nilifuata kadi, kwa kuwa karani huilinganisha fomu na kadi, hailinganishi na kumbukumbu ya bibi.

Mahali alipozaliwa mtoto pia si lazima pawe nyumbani kwa mama. Alijifungulia hospitali ya wilaya, nasi tuliandika hospitali hiyo. Kijiji chake kikaenda kwenye sehemu ya makazi ya kawaida. Majina tuliyaandika herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha mama, hata lile ambalo sisi nyumbani hulitamka vingine.

Maelezo ya sehemu mbili za mwisho yalitaja saini na muhuri bila kusema ni vya nani. Hizo niliziacha wazi kwenye daftari na kuandika pembeni "uliza", maana ukijaza pasipo pako fomu nzima inaweza kukataliwa. Dada alipofika dirishani aliuliza. Moja ilikuwa ya mtoa taarifa, yaani yeye mwenyewe, na nyingine ya msajili.