Mteremko wa logi-logi umetoka 0.71, si 0.75

"Nina mamalia 14, kuanzia sungura wa kilo 1 hadi mbwa wa kilo 10. Nimechora logi ya uzito na logi ya kilokalori kwa siku wakiwa wamepumzika, mteremko ukatoka 0.71. Kanuni ya Kleiber inasema nishati hupanda kwa uzito kwa kipeo cha 0.75. Nimekosea wapi?"

Huenda hukukosea popote. Masafa yako ya uzito ni mafupi mno. Kutoka kilo 1 hadi 10 uzito umeongezeka mara 10 tu. Kipeo kikiwa 3/4 nishati inapanda mara 5.6, kikiwa 2/3 inapanda mara 4.6. Mistari hiyo miwili ikikutana katikati ya data, kwenye ncha inaachana kwa asilimia 10 hivi, na spishi mbili za uzito uleule hutofautiana zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiishie kwenye mteremko, omba na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95. Kwenye R, `B` ikiwa kilokalori kwa siku na `M` uzito:

```r
m <- lm(log10(B) ~ log10(M), data = d)
confint(m)
```

Nukta zikitawanyika kwa 0.1 ya logi kuzunguka mstari, tegemea kitu kama 0.52 hadi 0.90. Humo 2/3 imo na 3/4 imo. Ongeza panya wa gramu 20 na wanyama wakubwa wa kilo mia kadhaa, mipaka itabana hadi karibu 0.05 kila upande, hata idadi ikibaki 14.

Ila hao wakubwa wana mtego. Kipimo cha nishati ya mapumziko kinataka mnyama aliyekomaa, aliyetulia, asiyehisi baridi wala joto, na aliyemaliza kumeng'enya chakula. Ng'ombe hafikii sharti la mwisho kirahisi, maana tumboni uchachu unaendelea siku nyingi baada ya kula. Nishati yake inasomeka juu, na kwa kuwa amekaa ncha ya kulia, anauinua mteremko wa mstari. Max Kleiber alipopata 0.74 mwaka 1932 alikuwa na ng'ombe kwenye data yake. White na Seymour, mwaka 2003, waliwaondoa wanyama wa aina hiyo, wakasawazisha na joto la mwili, kipeo kikashuka karibu na 2/3. Kwa hiyo chora mara mbili, wanaocheua wakiwemo na wasipokuwemo. Mteremko ukiruka, umeshajua nani anauvuta.

Kuhusu vizio, gramu badala ya kilo haigusi mteremko. Inahamisha tu mahali mstari unapokata mhimili: kizidishi cha Kleiber, 70 uzito ukiwa kwa kilo, huwa 0.39 ukiwa kwa gramu. Ukiona mteremko umebadilika, baadhi ya safu zako ziko kwa gramu na nyingine kwa kilo.

Ukirudi kwenye kilokalori za kawaida, 10 kwa kipeo cha jibu la mstari inakupa thamani ya kati, si wastani. Ukitaka wastani, zidisha kwa `10^(1.151*s^2)`, ambapo `s` ni `sigma(m)`. Kwa 0.15 nyongeza ni asilimia 6 hivi.