Kwa bale banaanza kazi na batoto ba miaka 13 mpaka 16: makosa yangu ya mwaka wa kwanza

Nilianza kusimamia nidhamu mu sekondari moja hapa Goma, na kosa langu kubwa ilikuwa kufikiri kama kijana anafanya mambo ya hatari juu hajue hatari. Kulikuwa kijana wa miaka 14, tulimukamata anajipachika nyuma ya kamiyo kwenye barabara ya Sake. Nikamuita mu biro peke yake, nikamuuliza nini inaweza kukufikia, akanitajia vyote, kuanguka, kukanyagwa na moto yenye inafuata, bila hata kusita. Nikamuamini. Siku tatu tu, nikamuona tena nyuma ya kamiyo, eko na benzake batatu.

Hakunidanganya, bandugu. Ile biro na ile barabara ni kama vichwa viwili tofauti.

Mu 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, kule Amerika, baliwekea batu 306 muchezo wa gari kwenye ordinatere. Taa inakuwa ya manjano, ukizidi kwenda unapata pointi, lakini taa nyekundu ikikukuta ungali unatembea unagonga ukuta na pointi zinapotea. Ba miaka 13 mpaka 16, benzao bakiwa pembeni, balijitia mu hatari karibu mara mbili kuliko bakiwa peke yao. Ba 18 mpaka 22 iliongezeka kama nusu. Ba 24 na kupita, marafiki bakuwe ao basikuwe, ilikuwa sawa tu.

Kisha mu 2011 Steinberg na batafiti bengine bakaangalia ubongo wenyewe mu mashine wakati wa muchezo kama ule, na hapa njo mahali ilinifungua macho: rafiki akiwa anaangalia, kwa kijana sehemu za ndani zenye zinangojea zawadi na raha zilizidi kuwaka, kwa bakubwa hapana. Yaani benzake habazimi breki, banakanyaga gazi. Na breki yenyewe, ile sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso, inamaliza kukomaa kisha miaka 20 na kitu.

Kwa hiyo nilipunguza mahubiri, nikaangalia saa na kundi. Kamiyo zinapanda polepole saa ya kutoka shule, batoto banatoka bote pamoja, basi tukaweka mukubwa mumoja pale barabarani kwa dakika 20 za kwanza na klasi zikatoka kwa zamu. Yule kijana alirudia mara moja tu ile trimestre, siku mukubwa hakukuwa.

Uangalie vizuri lakini: ule ni muchezo wa ordinatere, na hesabu ni ya kundi, haikuambie mutoto wako fulani atafanya nini. Wengine beko na uoga hata mbele ya benzao kumi. Mimi namuuliza mutoto swali moja mara mbili, peke yake na kisha mbele ya kundi, na kama jibu linabadilika sana, ule njo ninamufwata mpaka barabarani.