Kwa nini Wafaransa wanaiacha "ne": habari ya kikanushi kinachochakaa

Swali: "Wakuu, najifunza Kifaransa. Mwalimu anasisitiza tukanushe kwa ne ... pas, ila kwenye video nasikia watu wanasema je sais pas, yaani sijui, ne haipo kabisa. Ni uvivu wa kuongea au lugha inabadilika? Na kuna lugha nyingine zilizopitia hali hii?"

Mkuu, si uvivu. Nilipokuwa nasoma Ufaransa nilipata kibarua cha kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, neno kwa neno, na hiyo "ne" ndiyo iliyonisumbua kuliko kitu chochote. Mtu yule yule angeitamka vizuri akizungumzia sheria au dini, kisha akianza kusimulia habari za jirani yake inapotea. Nikaanza kusoma historia yake, na nikakuta kwamba Kifaransa kinarudia jambo ambalo mzazi wake, Kilatini, alishalifanya.

Kilatini cha zamani sana kilikanusha kwa "ne" tu, mbele ya kitenzi. Watu wakaitilia nguvu kwa neno la "moja", yaani "hata kimoja", na mwungano huo ukatoa "noenum", ambayo ilibanwa ikawa "non". Hiyo ndiyo "non" tunayoikuta katika Kilatini cha vitabuni. Ilipofika kwenye Kifaransa cha kale, kwa kuwa ilikaa mbele ya kitenzi bila mkazo, ikapungua tena: "nen", kisha "ne". Katika utenzi wa Roland, wa karibu mwaka 1100, mfalme Marsile anaelezwa kuwa ni mtu "ki Deu nen aimet", asiyempenda Mungu. Hakuna "pas" hapo, na hakuna kilichopungua. "Nen" ilitosha.

Lakini katika maandishi ya enzi hiyo hiyo unakuta tayari majina ya vitu vidogo yakifuata kitenzi: "pas" (hatua), "mie" (chembe ya mkate), "point" (nukta), "goutte" (tone). Inaaminika kwamba kila moja lilianza na kitenzi chake: hakwenda hata hatua, hakula hata chembe, hakunywa hata tone. Ni kama sisi tunavyosema "sikuona kitu" au "sijali hata kidogo". Wengi hudhani maneno haya yalikuwa ya kusisitiza tu, ila ukisoma maandishi yenyewe kuna jambo la ndani zaidi. Mara nyingi "ne ... pas" ilitumika kukanusha jambo ambalo tayari lilikuwa limetajwa au msikilizaji alikuwa analitarajia. Ukidhani nimekwenda, nakujibu kwamba sikwenda. Kukanusha jambo jipya kabisa, "ne" peke yake iliendelea kutosha.

Sasa, neno la kujibu dhana likitumika mara nyingi mno huacha kujibu dhana. Linakuwa ukanushi wa kawaida, na hapo asiyelitumia ndiye anayeonekana kupunguza kitu. Hilo lilitokea polepole baada ya karne ya 14. Kati ya yale maneno, "pas" ilishinda. "Mie" ilififia, "point" ikabaki na ladha ya kizamani, na "goutte" imebaki kwenye usemi mmoja hasa, "n'y voir goutte", kutoona kitu.

Utajuaje kwamba jina limegeuka kikanushi? Mimi hutazama mambo mawili. Kwanza, linaambatana na vitenzi visivyopatana na maana yake ya zamani: "il ne dort pas", halali, na kulala hakuna hatua. Pili, linakanusha bila msaada: "pas moi", si mimi, "pourquoi pas", kwa nini isiwe. Hata hivyo asili yake haijafutika kabisa. Ile "de" ya "pas de pain" ni masalia ya wakati "pas" ilipokuwa jina linalofuatwa na kitu chake, kama vile "chembe ya mkate".

"Pas" ilipobeba mzigo wote, "ne" ikabaki silabi dhaifu iliyobanwa kati ya kiima na kitenzi. Huanza kupoteza irabu, "je n'sais pas", halafu inapotea yote. Lini hasa ilianza kupotea ni jambo la ubishi. Daktari Jean Héroard aliandika maneno ya Louis XIII alipokuwa mtoto, mwanzoni mwa karne ya 17, na humo "ne" inakosekana mara nyingi. Lakini ni usemi wa mtoto, kwa hiyo wengine hawaukubali kuwa ushahidi wa lugha ya watu wazima. Kwa siku zetu hakuna ubishi. Mjini Tours, mtafiti William Ashby alirekodi watu mwaka 1976 akakuta "ne" imebaki katika takriban 37 kwa mia ya sentensi kanushi. Aliporudi mwaka 1995 ilikuwa karibu 18. Montreal, katika utafiti wa miaka ya 1970, haikufika hata moja kwa mia.

Takwimu za namna hii zina mtego, na hapa kibarua changu kilinifundisha kitu. "On n'a pas" na "on a pas" hutamkwa sawasawa, kwa sababu "n" ya "on" hujiunga na irabu inayofuata. Anayenakili hawezi kujua. Watafiti makini huziondoa sentensi hizo kwenye hesabu. Asiyeziondoa anahesabu tahajia yake mwenyewe.

Kuhusu lugha nyingine: aliyeupa mwendo huu umaarufu ni Otto Jespersen, Mdenmaki, mwaka 1917, na jina "mzunguko wa Jespersen" alilitoa Östen Dahl mwaka 1979. Kiingereza kimeupita vilevile katika kusema "sisemi": "ic ne secge", kisha "I ne seye not", kisha "I say not". "Not" yenyewe ni "nawiht", yaani "si kitu chochote", iliyobanwa, na leo inabanwa tena katika "don't". Huku kwetu Afrika tazama Kikongo: "kizeyi ko", sijui, ambapo ukanushi upo mbele na nyuma, na hiyo "ko" wachunguzi huihusisha na viambishi vya mahali, ndugu wa "-ko" yetu ya "huko". Kilingala kina cha nyuma tu: "nayebi te", sijui. Usihitimishe haraka, lakini, kwamba kila lugha lazima ipite hatua zote. Lugha inaweza kukaa na vikanushi viwili kwa karne nyingi bila kimoja kuanguka.

Kwako wewe unayejifunza: kwenye mtihani na barua andika "ne". Ukisikiliza, sikiliza "pas". Neno la kuogopa ni "plus", maana "ne" ikiondoka "j'en veux plus" inaweza kuwa "nataka zaidi" au "sitaki tena". Wafaransa wameliziba pengo kwa matamshi: wakitamka "s" ya mwisho wanataka zaidi, wasipoitamka wamekataa.