Petroli gramu 740, hewa ukaa kilo 2.3

Mwalimu, shikamoo. Lita ya petroli haifiki hata kilo moja. Inawezekanaje itoe zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa? (Dereva wa bodaboda, Mwanjelwa)

Marahaba. Uzito uliozidi umetoka hewani. Lita yako ina gramu 740 hivi, na kati ya hizo karibu 640 ni kaboni. Zinazobaki ni haidrojeni. Ndani ya silinda kila atomi ya kaboni hukamata atomi mbili za oksijeni. Ukiipa kaboni uzito wa 12, oksijeni moja ni 16, kwa hiyo mbili ni 32. Angalia hapo: aliyebebwa ni mzito karibu mara tatu ya mbebaji. Jumla ni 44. Sasa chukua 640, zidisha kwa 44, gawa kwa 12: unapata gramu 2,350 hivi, yaani kilo 2.3 na ushee. Ulichonunua kituoni ni zile 640 tu. Gramu 1,700 ni oksijeni ambayo injini imeivuta njiani bila wewe kuilipia.

Haidrojeni nayo haipotei. Inakuwa maji, karibu gramu 900 kwa lita. Asubuhi ya baridi ya Julai pale Uyole, yale matone yanayodondoka kwenye ekzosi pikipiki ikiwashwa ndiyo hayo.

Ule moshi mweusi ndio hewa ukaa yenyewe? (Mama muuza chipsi, Soweto)

Hapana, mama. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Weusi ule ni masizi, kaboni iliyokosa oksijeni ya kutosha. Huku kwetu Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa matumizi ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Fungua plagi: ukiikuta nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, ndivyo ilivyo. Sehemu ya kaboni hapo hutoka kama monoksaidi ya kaboni, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiruhusu mtu kuacha injini ikinguruma ndani ya banda lako.

Na dizeli ya malori yanayopanda Kitonga?

Kilo 2.7 hivi kwa lita. Lita yake ni nzito zaidi, gramu 840 hivi, na kaboni ni nyingi zaidi.

Fundi akinirekebishia vizuri, hizo kilo 2.3 zitashuka? (Dereva yule yule)

Kwa lita, hazishuki. Kaboni iliyoingia lazima itoke, na injini safi huichoma karibu yote iwe hewa ukaa. Kinachoshuka ni lita. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita hutoa gramu 58 hivi kwa kilomita. Kabureta ikimwaga mafuta ukaishia kilomita 30, kaboni ile ile imetumika kwa safari fupi: gramu 77 hivi kwa kilomita. Jaza tangi, andika kilomita, jaza tena baada ya siku mbili, ugawe kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ukigawa hivyo ndipo utajua kama fundi amefanya kazi.