Mstari wa 151.95: chati moja safi kwa mapitio ya Jumamosi

Wewe unayeanza kufuatilia soko la sarafu, nataka nikuoneshe jinsi ninavyopanga chati ya mapitio ya wiki. Nitatumia mstari mmoja tu kama mfano, kwa sababu mstari huo ndio ulionifanya nifute kila kitu na kuanza upya.

Jozi ni dola kwa yeni, USDJPY. Tarehe 21 Oktoba 2022 bei ilipanda hadi karibu na 151.95, Japani ikaingia sokoni kununua yeni, bei ikaporomoka siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata, 13 Novemba 2023, ikafika 151.91 ikarudi tena. Vilele viwili, mwaka mmoja na zaidi kati yao, tofauti ya pipsi chache, yaani hatua ndogondogo za bei. Kila aliyekuwa akifuatilia jozi hii alikuwa na mstari hapo. Mimi pia nilikuwa nao, nimeuchora mwekundu, kwa kuwa nilikuwa nikichora rangi kwa mtindo ambao wengi wetu tunafundishwa mwanzoni: dari, yaani mahali bei inapokwama ikipanda, nyekundu; sakafu, mahali inapodunda ikishuka, kijani.

Aprili 2024 mstari ule ulivunjwa. Tarehe 10 zilitoka takwimu za mfumuko wa bei wa Marekani zikiwa juu kuliko ilivyotarajiwa, bei ikapita 152, na wiki ikafunga juu ya 153. Mwisho wa mwezi ikagusa 160, kisha ikaanza kushuka kwa kasi. Ijumaa ya tarehe 3 Mei, baada ya takwimu dhaifu za ajira Marekani, ikateremka hadi 151.86. Nilifungua chati nikaona mshumaa, ile alama ya bei ya kipindi kimoja, umefika kwenye mstari mwekundu. Akili yangu ilikuwa imezoea kwamba nyekundu ni mahali pa kuuza, na nikauza. Wiki ile ilifunga karibu na 153. Mstari ulikuwa umeshageuka sakafu wiki tatu kabla, lakini rangi yake ilikuwa bado inasema ni dari, na hapakuwa na neno lolote kando yake la kunikumbusha.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokuomba ni hili: rangi isikuambie mwelekeo. Mwelekeo hubadilika, na hutakumbuka kurudi kubadilisha rangi kila mara. Rangi ikuambie mstari umetoka kwenye chati ya muda gani, kwa sababu hilo halibadiliki kamwe. Kilele kilichoonekana kwenye chati ya wiki kitabaki kuwa cha wiki hata bei ikikivuka mara tano. Kwangu mimi mstari wa mwezi ni mweusi na mnene, wa wiki ni wa bluu unene wa kati, wa siku ni wa kijivu, mwembamba, wa vidoti. Ukipenda rangi nyingine, chagua, mradi ziwe tatu tu na zibaki hizohizo kwenye kila jozi. Mishumaa yenyewe naiacha nyeupe na nyeusi, na mistari ya gridi naizima, ili rangi pekee inayoonekana iwe na maana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ninatumia TradingView, programu ya chati, kwa hiyo hatua ni za huko. Fungua mpangilio mpya, uupe jina la kueleweka kama `MAPITIO_WIKI`, kisha weka saa ya chini kulia kuwa UTC+3. Chora mstari wa mlalo kwa `Alt+H`, ubofye mara mbili, uweke rangi na unene wa wiki. Kabla ya kufunga dirisha lile, nenda kwenye `Visibility`. Hapo ndipo unapoamua mstari uonekane kwenye chati zipi. Mstari wa siku kwangu hauonekani kabisa kwenye chati ya wiki; unajitokeza ninaposhuka kwenye chati za siku na za saa nne tu. Wa mwezi na wa wiki huonekana kote. Hatua hii peke yake ilipunguza msongamano wangu kuliko kitu kingine chochote, maana chati ya wiki ikiwa na mistari minne unaisoma kwa jicho moja, na ikiwa na thelathini huisomi kabisa.

Ukishamaliza, hifadhi mtindo huo kwa kitufe cha `Template`, uupe jina: `W`. Fanya hivyo kwa `M` ya mwezi na `D` ya siku pia. Kuanzia hapo hutachagua rangi tena. Unachora, unabofya herufi, basi.

Anayetumia MetaTrader, programu nyingine ya chati, awe mwangalifu hapa. Faili yake ya kiolezo, `.tpl`, hubeba pia vitu vilivyochorwa kwenye chati. Ukiihifadhi ukiwa na mistari ya USDJPY kisha ukaifungua kwenye EURUSD, mistari ya 151 inakufuata mahali ambapo bei ni moja na kidogo, na jozi zinazokaribiana bei ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu mstari wa jozi nyingine unaweza kutokea katikati ya mishumaa ukaonekana ni wako. Hifadhi kiolezo kwanza, chati ikiwa tupu, ndipo uanze kuchora.

Sehemu ya pili ni maandishi. Mstari wa mlalo una nafasi ya maandishi ndani ya mipangilio yake, kwa hiyo huhitaji kuweka kisanduku cha pembeni ambacho kitaachwa nyuma ukiusogeza. Ninaandika mambo manne, kwa mpangilio uleule kila mara: muda na bei, tarehe zilizouzaa, kazi yake ya sasa, na kitu kitakachoibadilisha kazi hiyo. Mstari wangu wa yeni, kama ningekuwa na utaratibu huu mwanzoni mwa 2024, ungesomeka hivi:

```
W 151.95 | 21/10/22, 13/11/23 | DARI
GEUZA: wiki ifunge juu ya 151.95
```

Usipite haraka kwenye mstari wa pili wa maandishi hayo. Tarehe 27 Machi 2024 bei ilifika 151.97. Ukitazama pipsi tu, dari imevunjwa. Lakini wiki ile ilifunga chini ya 151.95, na iliyofuata pia. Anayeandika sharti lake mapema hana cha kubishana nacho Ijumaa jioni, anasoma alichoandika. Tena, bei za madalali hutofautiana kwa pipsi moja mbili, kwa hiyo ncha ya mshumaa ikipita kidogo kwako inaweza isipite kwa jirani yako. Chagua chanzo kimoja cha bei, ubaki nacho.

Sharti la wiki kufunga linakulazimu kujua wiki inafunga lini. Soko la sarafu hufunga saa kumi na moja jioni ya Ijumaa kwa saa za New York. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi wakati Marekani wako kwenye saa za kiangazi, yaani kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa saba usiku miezi mingine. Ukikaa na mapitio yako Ijumaa saa mbili usiku, unasoma mshumaa ambao haujaisha. Tarehe 3 Mei mimi nilikuwa nafanya hasa hivyo. Sasa nakaa Jumamosi asubuhi baada ya chai, na sigusi chati ya mapitio siku nyingine.

Kukaa kwenyewe ni kufupi. Nina jozi nane, kwa mpangilio usiobadilika kwenye orodha. Kila moja naanza na chati ya wiki na kujiuliza swali moja: mshumaa uliofunga umetimiza sharti la mstari wowote? Kama haukutimiza, naenda mbele. Kama umetimiza, nabadilisha neno la kazi na sharti lake, tarehe za asili naziacha. Halafu nashuka kwenye siku, nafuta mistari ya kijivu ambayo bei imeiacha mbali, na kuongeza mmoja au miwili ikihitajika. Mwisho nabonyeza `Ctrl+Alt+S` kupiga picha na kuihifadhi kwa jina linaloanza na tarehe, kama `2024-05-04_USDJPY_W.png`, ili faili zijipange zenyewe. Zamani ilinichukua saa mbili na zaidi, nyingi nikijaribu kukumbuka mstari fulani niliuchora kwa nini. Siku hizi jozi nane hazizidi dakika arobaini.

Kuna mtego mmoja. Mpangilio ukiwa umewashwa kujihifadhi wenyewe, kila unachojaribu humo kinabaki. Mtu anataka kupima kiashiria alichokiona kwa rafiki, anaongeza, anachora Fibonachi mbili, anafunga kompyuta, na Jumamosi anakuta chati imejaa vitu vya Jumanne. Ukitaka kujaribu, chagua `Make a copy` kwenye menyu ya mpangilio na ufanye majaribio kwenye nakala. Hakikisha pia hujawasha chaguo la kusawazisha michoro kwenye mipangilio yote, la sivyo michoro ya nakala itarudi kwenye chati yako safi. Akaunti ya bure ina kikomo cha mipangilio unayoweza kuhifadhi. Ikiwa huwezi kuwa na miwili, hifadhi wa mapitio na usijaribu kitu juu yake.

Nieleze pia kisichowezekana. Chati hii haikuambii bei itakwenda wapi. Haikuweza kumwonya mtu yeyote kwamba Japani ingeingia tena sokoni mwishoni mwa Aprili 2024. Inachokupa ni kwamba bei inapofika mahali muhimu unajua mara moja ni mahali gani na ulikubaliana na nafsi yako nini kuhusu mahali hapo.

Baada ya kupanga upya, mstari wa yeni niliuchora tena kwa bluu, nikaandika SAKAFU tangu 12/04/24, na sharti kwamba wiki ifunge chini ya 151.95. Mwezi Julai bei ikapanda hadi karibu 162, ikageuka. Tarehe 25 Julai ikashuka mpaka 151.94 na kudunda. Wiki ikafunga juu ya 153. Jumamosi ile nilisoma maandishi, sikubadilisha kitu, nikaenda kwenye jozi inayofuata. Wiki iliyofuata Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba, takwimu za ajira za Marekani zikatoka dhaifu, na mshumaa ukafunga chini ya 147. Jumamosi ya tarehe 3 Agosti ilinichukua chini ya dakika moja kuandika:

```
W 151.95 | 21/10/22, 13/11/23 | DARI tangu 02/08/24
GEUZA: wiki ifunge juu ya 151.95
```

Rangi ikabaki bluu.