Wimbo wa dakika nne, picha 39: video ya kumuaga marehemu

Kinachoharibu video nyingi za msibani ni wingi wa picha. Ndugu wanatuma kwenye kundi la WhatsApp mpaka zinafika 120, na mtengenezaji anaona aibu kuacha hata moja. Kila picha inakaa sekunde mbili. Watu hawajamtambua shangazi aliyesimama nyuma, picha imeshapita.

Wimbo uchaguliwe kwanza, ndio utakaoamua idadi. Tuseme familia imetoa wimbo wa kwaya wa dakika 4, yaani sekunde 240. Picha ya mwisho ipe sekunde 12. Zilizobaki 228, ukizigawa kwa sekunde 6 kila picha, zinakupa picha 38. Picha ya ukoo mzima inahitaji sekunde 9, kwa hiyo punguza sekunde 3 kwenye nyingine. Picha moja ififie kwa sekunde 1 huku inayofuata ikijitokeza. Mbwembwe za kuzunguka na kupasuka ziachie harusi.

Picha ya ujana mara nyingi ni ile ndogo ya pasipoti, milimita 35 kwa 45. Ukiiskani kwa dpi 600 unapata takriban pikseli 827 kwa 1,063, karibu urefu wote wa skrini ya 1920 x 1080. Kwa dpi 300 unapata nusu yake, na uso utaonekana una ukungu. Usiitanue kujaza upana. Acha pembeni peusi. Huna skana? Ilaze karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe sambamba nayo. Iliyogandia kwenye albamu usiibandue, itachanika sura. Ipige hapo hapo. Ndugu walio mbali watume kama Document, maana WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida.

Mwendo wa kuivuta picha karibu uwe mdogo: kutoka asilimia 100 hadi 106 ya ukubwa wake, ukielekea machoni. Programu nyingi huvuta kuelekea katikati ya picha, na kwa picha ya mtu aliyesimama katikati ni vifungo vya shati, kichwa kinaishia kukatwa. Hamisha kitovu wewe mwenyewe. Picha ikionekana kutetemeka, mwendo ni wa polepole kupita kiasi. Iache itulie tu. Nusu ya picha zikitulia ni vizuri zaidi.

Kama video itaonyeshwa wakati wasifu unasomwa, weka ala bila maneno, vinginevyo kwaya na msomaji watagombania masikio. Kwa familia ya Kiislamu uliza kwanza, wengi hawataki muziki kabisa, na wengine hata video. Sauti ishuke taratibu sekunde 5 za mwisho.

Mchana chini ya turubai projekta haionekani, omba televisheni. Toa faili la MP4 (H.264) na ulijaribu kwenye televisheni ile ile. Kwenye flashi liwe peke yake: televisheni nyingi zikimaliza faili moja hurukia linalofuata, na bongofleva ikilipuka mbele ya jeneza hakuna wa kuizima haraka.